Damu Katika Haja Kubwa: Mwongozo kwa Kibarua na Mkewe

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanamume anayeishi kwa nguvu za mikono yake, na kwa ajili ya mke anayekaa naye nyumba moja, kwa kuwa maradhi tutakayoyasema humu aghalabu humshika wa kwanza na hugunduliwa na wa pili. Ili mafundisho yasiwe makavu tumeyafungamanisha na hadithi ya mtu mmoja wa Kondele, katika mji wa Kisumu, ambaye hatukumpa jina ila lile ambalo majirani humwitia, yaani Baba Atieno. Mtu huyu ni wa kubuni. Lakini vipimo alivyopimwa, dawa alizopewa na makosa aliyoyatenda ni mambo ya kila siku katika zahanati za kando ya Ziwa, na msomaji mwenye dalili kama zake aweza kuifuata njia yake kesho asubuhi.

Jinsi alivyoanza kupuuza

Baba Atieno alikuwa na umri wa miaka 46. Katika ujana wake alichimba mchanga ziwani kwa muda wa miaka kumi, akisimama majini hadi kiunoni tangu alfajiri hata jua lilipokuwa kali, akizoa kwa koleo na kujaza mashua. Na mgongo ulipoanza kumsumbua aliiacha kazi ile akaingia katika mjengo, akawa mtu wa kuchanganya zege na kupandisha mawe katika majumba yanayoinuka Kondele, Manyatta na kando ya barabara iendayo Kakamega. Kazi hiyo haina mkataba. Kibarua hufika mahali pa kazi kabla ya jua kuchomoza, msimamizi huchagua watu anaowataka, na asiyechaguliwa hurudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo siku ya kwenda hospitali, kwa hesabu ya mtu kama huyu, ni siku ya watoto kulala na njaa.

Siku ya kwanza aliona mstari mwembamba mwekundu juu ya kinyesi, wala hakusikia maumivu yoyote. Aliwauliza wenzake kwa mzaha, kama wanaume waulizavyo jambo linalowatia hofu, nao walimjibu kwa sauti moja kwamba hiyo ni bawasiri, kwa sababu mtu abebaye mizigo mizito na kula ugali mkavu hana budi kuipata. Mmoja alimletea mizizi ya kuchemsha. Baadaye alikwenda kwenye duka la dawa, akauziwa vidonge vya metronidazoli, ambayo ni dawa ya amiba. Damu ikakoma kwa wiki moja na zaidi, naye akaamini kwamba amepona. Iliporudi alinunua tena vidonge vile vile, ikakoma tena, ikarudi tena, na kwa namna hiyo ikapita miezi kumi.

Hapa pana mtego ambao msomaji anapaswa kuufahamu vema kabla ya mengine yote. Damu itokayo utumboni, iwe yatokana na bawasiri, na minyoo au na uvimbe, ina desturi ya kuja na kuondoka yenyewe. Mgonjwa hutafuta dawa siku zile anapoona damu nyingi, na maadamu siku hizo kwa kawaida hufuatwa na siku za nafuu, dawa yoyote aliyoinywa, hata maji matupu, itaonekana kuwa ndiyo iliyomponya. Basi kukoma kwa damu baada ya kunywa kitu fulani si ithibati ya kuwa kitu hicho kilikuwa dawa yake, na damu iliyorudi mara ya pili imekwisha kutoa hukumu kwamba dhana ya kwanza haikutosha.

Jinsi mke alivyotambua

Choo cha plot walimokaa kilikuwa cha shimo, nacho kilitumiwa na nyumba sita, hivyo Mama Atieno hakuwa na njia ya kuiona damu pale ilipoanguka. Aliyoyaona ni mengine. Mumewe, ambaye zamani alirudi kazini akacheza na watoto, sasa alilala kabla ya chakula kuiva. Alipopanda ngazi ya mlango alisimama kutafuta pumzi. Mshipi wa suruali ulikuwa umesogea matundu mawili. Na sehemu ya ndani ya kope za chini, ambayo kwa mtu mwenye siha huwa nyekundu, ilikuwa nyeupe karibu kama karatasi. Siku moja, alipokuwa akifua, alikuta madoa ya damu katika nguo ya ndani, wala hakuyanyamazia.

"Baba Atieno, nguo yako ina damu, na si mara ya kwanza. Imeanza lini?"

"Ni bawasiri tu, Mama Atieno. Ni mizigo hii."

"Nani aliyekupima akakuambia ni bawasiri?"

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Watu wa mjengo."

"Watu wa mjengo wanajua saruji. Kesho mimi siendi Kibuye na mboga zangu, nawe huendi kazini. Tutakwenda sote wawili. Tukikosa pesa ya siku moja tutakula omena. Ukianguka kutoka juu ya jukwaa, tutakula nini?"

Namna aliyomwendea mumewe yafaa kuigwa. Hakumtisha kwa kutaja saratani, kwa sababu alijua kwamba mtu mwenye hofu iliyofichika, akitishwa, huzidi kujificha. Alimwuliza maswali yenye majibu ya hakika: imeanza lini, yaja mara ngapi kwa wiki, ni nani aliyepima. Aliiondoa sababu ya kukosa pesa kwa kuitaja yeye mwenyewe kabla haijatajwa, na hakumwachia tarehe ya mbali, bali alisema kesho. Tena alijitolea kwenda naye, na kwa jambo hilo alipunguza haya, ambayo kwa wanaume wengi ndiyo kizuizi kilicho kikubwa kupita nauli, maana wanajua ama wanasikia kwamba tabibu huenda akapima kwa kidole.

Mambo ya kuchunguza kabla ya kwenda

Tabibu atauliza, na mgonjwa aliyejiandaa atasaidiwa upesi kuliko yule anayejibu kwamba hakumbuki. Chunguza kwanza rangi ya damu na mahali ilipo. Damu nyekundu inayodondoka baada ya haja, au inayoonekana katika karatasi peke yake, mara nyingi hutoka karibu na mwisho wa njia, kama vile katika bawasiri au mpasuko wa ngozi, na mpasuko huo huuma kama kisu wakati wa kujisaidia. Damu iliyochanganyika na kinyesi chenyewe, au iliyokuja pamoja na kamasi, huelekea kutoka ndani zaidi. Kinyesi cheusi, kinachonata mithili ya lami na chenye harufu mbaya isiyo ya kawaida, ni alama ya damu iliyotoka juu, tumboni au karibu nalo. Na vibarua wanaomeza vidonge vya maumivu ya mgongo kila siku, kama aspirini, diklofenaki au ibuprofeni, wamo katika hatari ya jambo hilo, kwa kuwa vidonge hivyo huchuna ukuta wa tumbo.

Lakini rangi ni kiashiria tu, wala haitoi hukumu. Uvimbe ulio chini katika utumbo mpana waweza kutoa damu nyekundu safi kama ya bawasiri, na mtu mwenye bawasiri ya kweli aweza kuwa na uvimbe juu yake. Hii ndiyo sababu hakuna mtu, awe mwenye duka la dawa au tabibu mkuu, awezaye kutambua chanzo cha damu kwa kusimuliwa peke yake.

Chunguza pili muda na mwenendo: ni wiki ngapi sasa, na je, desturi ya choo imebadilika, ikiwa ulizoea kwenda mara moja kwa siku na sasa ni mara nne, au ikiwa unahisi kwamba choo hakijaisha hata baada ya kumaliza. Tatu, angalia mwili: je, umepungua uzito bila kutaka, una homa, tumbo linasokota, unachoka kuliko zamani? Mwisho, kumbuka historia yako ya maji na ya ukoo: je, umewahi kufanya kazi ziwani, na je, mzazi au ndugu wa tumbo moja amewahi kuugua saratani ya utumbo? Swali la maji, kwa mtu wa Kisumu, lina uzito mkubwa, nasi tutaona sababu yake.

Neno la Ziwa

Ukingoni mwa Ziwa Viktoria, penye maji yaliyotulia na majani, huishi konokono wadogo ambao ndani yao hukua vijidudu vya kichocho cha utumbo. Vijidudu hivyo hutoka kwa konokono hasa wakati wa jua, huogelea majini, na vikikutana na ngozi ya mtu huipenya kwa muda wa dakika chache, bila jeraha na aghalabu bila mtu kujua. Mwilini hukua kuwa minyoo, nayo hukaa katika mishipa ya damu inayozunguka matumbo, dume na jike pamoja, kwa miaka mingi. Jike hutaga mayai mamia kwa siku moja. Baadhi yake hutoboa ukuta wa utumbo ili yatoke nje pamoja na kinyesi, na huko kutoboa ndiko kunakoleta damu, kamasi na msokoto. Mengine huchukuliwa na damu mpaka ini, yakakwama humo, na baada ya miaka huligandisha ini, yakavimbisha tumbo, na mwishowe mtu akatapika damu.

Watu wa Kisumu wameyajua maradhi haya kwa uchunguzi wa karibu sana. Watafiti wa taasisi ya KEMRI iliyoko Kisian waliwafuatilia kwa miaka wanaume wanaoosha magari wakiwa wamesimama majini ufukoni mwa mji, wakawapima, wakawatibu kila walipoambukizwa tena, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002: wengine waliambukizwa tena upesi kila walipotibiwa, na wengine, baada ya kutibiwa mara nyingi, miili yao ilianza kujenga kinga. Funzo la kibarua katika jambo hili ni kwamba dawa huua minyoo iliyomo mwilini leo, wala haiwi ngao ya kesho. Anayerudi majini hurudi hatarini, na anayeyaacha maji, kama Baba Atieno, aweza kubaki na minyoo yake ya zamani miaka kadhaa baada ya kuiacha kazi.

Katika chumba cha tabibu

Walikwenda kwanza katika kituo cha afya kilicho karibu, wala hawakukimbilia hospitali kubwa, na hivyo ndivyo inavyofaa kwa mtu asiye na dalili za dharura, kwa kuwa vipimo vitatu vya mwanzo hupatikana hapo, na hospitali kubwa itataka barua ya kutoka huko.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha damu kutoka kidoleni, cha kujua wingi wa hemoglobini. Kwa mwanamume mzima inatakiwa iwe gramu 13 au zaidi katika desilita moja. Yake ilikuwa 9. Hapo tabibu aliinua macho. Mwanamke aweza kupungukiwa na damu kwa ajili ya hedhi na uzazi, lakini mwanamume mzima hana mlango huo, na akipungukiwa na damu kiasi hiki pana mahali inapopotea kidogo kidogo, ambapo panapaswa kutafutwa hata papatikane. Bawasiri ya kawaida mara chache humfikisha mtu kiasi hicho.

Kipimo cha pili kilikuwa cha kidole, kile alichokiogopa kwa miezi kumi. Aliombwa alale ubavu wa kushoto, magoti yakiwa yamekunjwa kuelekea kifuani; tabibu alivaa glovu, akapaka mafuta ya kulainisha, akamwambia avute pumzi na kuitoa polepole, na jambo lote likaisha kabla ya dakika moja. Halina maumivu ila kwa mwenye mpasuko, na lina faida kubwa, maana uvimbe ulio chini kabisa waweza kuguswa kwa kidole. Tabibu alikuta bawasiri ndogo. Baba Atieno alifurahi, akataka kuinuka aende zake, lakini tabibu alimwambia, "Mzee, bawasiri unayo, ila haitoshi kueleza damu hii yote iliyopungua. Tuendelee."

Kipimo cha tatu ni cha choo. Mgonjwa hupewa kikopo safi chenye kifuniko na kijiti. Atie kiasi cha punje ya njugu au zaidi kidogo, akichota hasa mahali penye damu au kamasi, asichanganye na mkojo, na akifikishe maabara mapema, maana amiba hai haionekani katika choo kilichokaa. Maabara hutazama amiba na mayai ya minyoo kwa hadubini. Jambo la kuangalia ni kwamba mayai ya kichocho hayatoki kwa wingi ule ule kila siku, na kipande kinachotazamwa ni kidogo mno. Kwa hiyo jibu la kwamba hakuna kitu, kwa choo cha siku moja, halitoshi kwa mtu aliyewahi kufanya kazi ziwani. Omba kipimo kirudiwe kwa choo cha siku nyingine. Choo cha kwanza cha Baba Atieno hakikuonyesha kitu. Cha pili, kilicholetwa na mkewe siku ya tatu wakati yeye yuko kazini, kilionyesha mayai ya kichocho yenye mwiba ubavuni.

Dawa na mipaka yake

Dawa ya kichocho ni prazikwanteli. Kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, kwa siku moja. Naye alikuwa na kilo 60, basi akapewa miligramu 2,400, ambazo ni vidonge vinne vya miligramu 600. Humezwa baada ya kula, pamoja na maji mengi, wala havitafunwi, kwani ni vichungu sana. Kizunguzungu, kichefuchefu na msokoto wa tumbo huweza kumpata mtu siku hiyo, hasa mwenye minyoo mingi, navyo hupita. Kwa hiyo amezapo asipande jukwaa la ujenzi siku ile.

Msomaji asikubali kubadilishiwa dawa hii kwa jina. Albendazoli, ambayo watu huiita dawa ya minyoo na kuwapa watoto, haiponyi kichocho; metronidazoli nayo haina kazi hapo. Tena prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa ila haiwezi sana ile michanga, na ndiyo maana choo hupimwa tena baada ya wiki nne hadi sita, na dawa hurudiwa iwapo mayai bado yanaonekana. Na kama mmoja ameambukizwa, waliochota maji, kufua au kuogelea mahali pamoja naye wapimwe pia. Atieno na nduguze walipimwa, na mmoja wao alitibiwa.

Pamoja na dawa hiyo alipewa vidonge vya madini ya chuma, avitumie kwa muda wa miezi kadhaa hata baada ya damu kurudi kiasi chake, ili akiba ya mwili ijae. Vidonge hivi hugeuza choo kuwa cheusi, jambo lisilo na madhara, lakini mgonjwa aambiwe mapema ili asije akachanganya weusi huo na ule wa damu.

Damu isipokoma

Hapa ndipo wengi hupotea njia, na kwa ajili ya mahali hapa tumeiandika hadithi hii. Mtu ametafutiwa sababu, imepatikana, imetibiwa. Basi moyo wake hutulia na damu iliyobaki huidharau. Baada ya wiki sita choo cha Baba Atieno kilikuwa hakina mayai tena, na msokoto ulikuwa umeisha, lakini damu bado ilionekana mara moja au mbili kwa wiki. Yeye alisema kwamba ni mabaki. Mama Atieno alisema kwamba daktari alitaja wiki sita, na wiki sita zimetimia, basi wakarudi.

Kanuni ya kushika ni hii: sababu moja ikipatikana, haiondoi nyingine, na kazi ya kutafuta haikwishi kwa kupata jina la ugonjwa, hukwisha kwa damu kukoma na hemoglobini kupanda. Mtu wa kando ya Ziwa aweza kuwa na kichocho na bawasiri na uvimbe kwa wakati mmoja. Zamani madaktari wa Afrika Mashariki walifundishwa kwamba saratani ya utumbo mpana ni nadra kwa Mwafrika. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliandika katika miaka ya 1970 kwamba chakula chenye makapi mengi ndicho kilichokuwa kikiwalinda watu wa vijijini. Lakini vyakula na maisha ya mijini vimebadilika tangu wakati ule, na leo saratani hiyo huonekana katika hospitali zetu, tena kwa watu wa miaka thelathini na arobaini, wala haiwangojei wazee.

Kituo kilimwandikia barua kwenda Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji mpaka leo huiita Rasha, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti na kufunguliwa mwaka 1969, nayo iko hapo hapo njiani karibu na Kondele. Jambo lililotakiwa ni kipimo cha kamera, ambacho waganga hukiita kolonoskopi: mpira mwembamba unaopinda, wenye taa na kamera nchani, hupitishwa katika njia ya haja kubwa ukatazama utumbo mpana wote. Kabla ya kupanga siku, uliza mambo matatu: gharama yake, kiasi kitakacholipwa na bima ya afya kama umejiandikisha, na muda wa kungoja.

Ubora wa kipimo hiki uko katika maandalizi, kwa maana kamera haioni kitu katika utumbo wenye uchafu, na aliyejiandaa vibaya hurudishwa nyumbani naye amekwisha poteza siku. Vidonge vya chuma husimamishwa wiki moja kabla, kwa kuwa weusi wake hung'ang'ania ukuta. Siku ya kuamkia kipimo, mgonjwa hali ugali wala mboga. Hunywa vinywaji vyepesi visivyo na makapi wala rangi nyekundu, kama chai ya rangi na supu iliyochujwa, kisha hunywa dawa ya kuharisha aliyopewa mpaka kinachotoka kiwe majimaji ya manjano yaliyo maangavu. Akae karibu na choo, na anywe maji ya kutosha asije akaishiwa nguvu. Hospitalini huchomwa sindano ya usingizi mwepesi. Kwa sababu hiyo hana budi kuwa na mtu wa kumrudisha nyumbani, wala asipande bodaboda peke yake siku ile.

Katika utumbo wa Baba Atieno, upande wa kushoto, daktari alikuta kinyama kilichoota juu ya kikonyo, ukubwa wake upatao sentimita moja na nusu, kikivuja damu. Alikikata kwa kitanzi cha waya kilichopitishwa ndani ya mpira ule ule, bila kisu wala mshono, na mgonjwa hakusikia maumivu. Kinyama kilipelekwa maabara, na baada ya wiki mbili jibu lilikuja: kilikuwa cha aina ile ambayo, ikiachwa kwa miaka, huweza kugeuka saratani, lakini kilikuwa hakijageuka. Mgeuko huo kwa kawaida huchukua miaka mingi, mara nyingi hata kumi, na muda huo ndio nafasi anayopewa mtu; mwenye kuutumia hutoka na jeraha dogo asilolijua, na mwenye kuupoteza hukutana na upasuaji mkubwa na dawa kali, au hukutana na maradhi yaliyokwisha kwenda katika ini.

Alipewa tarehe ya kurudi kwa kamera nyingine baada ya miaka michache, maana aliyeota kinyama kimoja aweza kuota kingine, akaambiwa awajulishe ndugu zake wa tumbo moja ili nao wasipuuze damu wakiiona. Miezi minne baadaye hemoglobini yake ilikuwa 13.4, na damu haikuonekana tena. Hapo, na si kabla ya hapo, ndipo tabibu alipoifunga kadi yake.

Siku isiyongoja kesho

Njia hii ya hatua kwa hatua ni ya mtu ambaye damu yake ni kidogo na mwili wake una nguvu. Lakini ukiona damu nyingi inayotoka kwa mabonge, au choo cheusi cha kunata ilhali hutumii vidonge vya chuma, au ukitapika damu, au ukisikia kizunguzungu na moyo kwenda mbio unapoinuka, au tumbo likivimba na kuuma na choo na hewa vikazuilika, au damu ikija pamoja na homa kali na kuharisha, usingoje kituo kifunguliwe asubuhi. Nenda usiku ule ule katika hospitali yenye idara ya dharura, na anayekupeleka awe mtu mzima awezaye kueleza, kwa kuwa huenda wewe mwenyewe ukashindwa kusema.

Kwa wengine wote, nasaha ni fupi. Damu ikionekana mara mbili, au ikidumu zaidi ya wiki mbili, nenda ukapimwe damu, kidole na choo, hata kama huna maumivu na hata kama wenzako wote wana jina la kuupa ugonjwa wako. Baada ya dawa, rudi katika wiki ile uliyoambiwa, hata ukijiona mzima. Nawe mama wa nyumba, ukikuta doa katika nguo ya mumeo, mwulize usiku huo huo limeanza lini na ni nani aliyempima. Na akikutajia watu wa mjengo, mfuate kesho yake hadi mlangoni mwa tabibu.